Shajara ya mradi: Gridi ya washindani kwa sehemu ya mpango wa masoko

Bidhaa inayohusika: programu ya simu ya kurekodi mauzo, stoo na madeni, kwa biashara ndogo zenye wahudumu 1 hadi 5. Kinachotakiwa kwenye mpango wa masoko ni kurasa mbili zinazoonyesha tunashindana na nani, tunazidiwa wapi na tutalenga kundi lipi la wateja. Majina ya washindani yanabaki herufi humu, kwa sababu shajara hii inasomwa pia na watu walio nje ya timu.

Wiki ya 1: kuwatambua washindani

Orodha ya kwanza iliyoletwa na timu ya mauzo ilikuwa na majina 8, na yote ni programu za simu. Orodha ya namna hiyo hupatikana kwa kutafuta mtandaoni bidhaa zinazofanana na yako, na kasoro yake ni kwamba inaonyesha soko lilivyo machoni pa muuzaji. Mnunuzi hana mpaka huo. Yeye ana kazi ya kufanywa, yaani kujua ameuza nini, kimebaki nini na nani anadaiwa, na chochote kinachoifanya kazi hiyo ni mshindani wetu hata kama si programu.

Kwa hiyo tuliwauliza wamiliki wa biashara maswali mawili tu, bila kuwatajia jina lolote: "Kabla ya hapa ulikuwa unafanyaje?" na "Kama hii isingekuwepo, kesho ungetumia nini?" Swali la pili ndilo lenye faida zaidi. La kwanza huleta historia, na historia huweza kuwa imepitwa na wakati. La pili huleta chaguo ambalo bado liko hai kichwani mwa mteja. Tuliwahoji walionunua, waliojaribu wakaacha, na walioulizia bei wasirudi. Kundi la tatu ni gumu kulipata, lakini usilikwepe. Wanaolipa tayari walishatuchagua, na majibu yao yataonyesha ushindani mdogo kuliko uliopo.

Jina lilibaki kwenye gridi kama lilitajwa bila kuulizwa na wateja wa angalau makundi mawili kati ya hayo matatu. Zilibaki njia sita:

A ni programu ya simu ya bei nafuu, inayofanana na yetu kwa karibu kila kitu. B ni mfumo wa mashine ya kaunta wenye kisoma msimbopau na printa ya risiti. C ni programu ya bure inayoishi kwa matangazo. Hao watatu ni washindani wa moja kwa moja: hitaji lilelile, mteja yuleyule, aina ileile ya bidhaa. D ni lahajedwali ambalo mmiliki amejitengenezea mwenyewe, E ni daftari na kalamu, F ni mtunza hesabu wa muda anayekuja mara moja kwa wiki. Hao si wa moja kwa moja: hitaji ni lilelile, njia ni nyingine.

B ilizua mjadala, kwa kuwa bei yake ni ya biashara kubwa kuliko wateja wetu wengi. Tumeibakiza. Waliojaribu wakaacha waliitaja mara nyingi, na hiyo ni dalili kwamba tunawapoteza wateja wanaokua. Mshindani anayekuchukulia mteja wakati mteja huyo anapanuka hupaswi kumtoa kwa hoja kwamba "si wa daraja letu".

Wiki ya 2: vigezo

Hapa ndipo gridi nyingi huharibika, na huharibika kimyakimya. Rasimu ya kwanza ilikuwa na vigezo 14: ripoti za rangi, kuunganisha na mashine ya malipo, lugha, kuingia kwa alama ya kidole, na kadhalika. Ukimpa daftari alama kwa "kuingia kwa alama ya kidole" atapata 1, na kwa vigezo vyote 14 atapata 1 karibu kila mahali. Gridi itaonyesha kwamba daftari si tishio, ilhali ndilo wamiliki wengi wanalotumia. Vigezo vilivyoandikwa kama orodha ya vipengele vya programu vimeshampa programu ushindi kabla ya alama ya kwanza kuandikwa.

Dawa yake ni kuandika kila kigezo kama matokeo anayoyapata mteja, kwa maneno yanayokubali jibu kutoka kwa njia yoyote. "Kutafuta kwa msimbopau" kikawa "sekunde za kurekodi mauzo wakati kuna foleni". "Ripoti ya wadaiwa" ikawa "sekunde za kujua fulani anadaiwa kiasi gani". Kipimo cha kigezo kizuri ni hiki: je, unaweza kumpima mtu mwenye kalamu kwa kigezo hicho bila kumwonea? Kama huwezi, umeandika kipengele cha bidhaa yako.

Vilibaki vitano, na uzito wake ulitoka kwa wateja wenyewe. Kila mmoja alipewa pointi 100 azigawe kati ya vigezo vitano, tukachukua wastani na kuukaribisha hadi 0.05 iliyo jirani. Njia hii ni bora kuliko kuuliza "kigezo hiki ni muhimu kiasi gani, 1 hadi 5?" kwa sababu kwa swali hilo kila kitu hupewa 4 au 5. Pointi 100 humlazimu mtu kupunguza hapa ili aongeze pale.

F ameondoka kwenye gridi katika hatua hii. Tulipojaribu kumpima kwa sekunde za kurekodi mauzo tuligundua kwamba yeye harekodi mauzo kaunta. Hufanyia kazi kile kilichorekodiwa na njia nyingine, iwe daftari au programu. Seli isiyojazika huwa inasema jambo, na hapa ilisema kwamba F si mshindani bali ni mshauri ambaye mmiliki humsikiliza. Tumemhamishia kwenye sehemu ya njia za usambazaji. Kumjazia 1 ili tu jedwali lisiwe na pengo kungetuficha hilo.

Wiki ya 3: ngazi za alama na upimaji

Tunatumia alama 1 hadi 4, kama inavyozoeleka kwenye matriki ya wasifu wa ushindani, yaani jedwali la kulinganisha washindani kwa vigezo vyenye uzito. Namba shufwa ya ngazi haina katikati, hivyo anayepima hawezi kujificha kwenye 3 kati ya 5. Lakini alama bila maana iliyoandikwa ni maoni tu. Kila ngazi iliandikwa kabla ya kupima, na haikubadilishwa baadaye.

Kwa kasi ya kurekodi: 4 ni chini ya sekunde 10; 3 ni sekunde 10 hadi 20; 2 ni zaidi ya 20 hadi 35; 1 ni zaidi ya 35. Kazi iliyopimwa ni mauzo ya bidhaa 3 tofauti, moja ikiwa na vipande viwili, kutoka kwenye orodha ya bidhaa 50. Kila njia ilirudiwa mara 9, tukazipanga sekunde kwa mfuatano na kuchukua ya tano, iliyo katikati. Wastani wa kawaida hauaminiki hapa, kwa sababu jaribio moja ambalo simu imekwama huuvuta wote juu.

Simu ilikuwa ileile kwa programu zote, yenye kumbukumbu ndogo kama za wateja wetu. Jambo hili hubadilisha matokeo kuliko linavyodhaniwa. Programu iliyopimwa kwenye simu mpya ya mtu wa ofisini huonekana na kasi ambayo mteja hataiona kamwe. Aliyepima naye awe amezoea kila njia kwa kiasi sawa: alipewa nusu saa ya mazoezi kwa kila moja kabla ya saa kuanza kuhesabu.

Matokeo ya kasi: B sekunde 8, daftari 9, A 17, sisi 24, C 28, lahajedwali 41. Daftari kuikaribia mashine yenye kisoma msimbopau kuliwashtua baadhi ya wenzetu, lakini sababu iko wazi. Mwandishi wa daftari hatafuti bidhaa kwenye orodha, anaandika tu. Sekunde zetu nyingi zinaliwa na skrini ya kutafuta bidhaa, na nyingine na skrini ya kuthibitisha malipo ambayo A hana.

Gharama zimewekwa kama kielezo, yetu ikiwa 100, na zinahesabu miezi 12 nzima: ada, kifaa cha ziada, bando la intaneti na muda wa kumfundisha mhudumu. Kulinganisha ada ya mwezi iliyotangazwa ni mtego. Bei ya A iliyotangazwa ingempa kielezo cha 45, lakini ni ya mtumiaji mmoja. Kwa watumiaji watatu, ambao ndio wastani wa mteja wetu na ambao sisi tunawajumuisha, inafika 70. C ni ya bure lakini hutafuna bando kwa matangazo, ikafika 25. B ni 310 ukihesabu mashine yote mwaka wa kwanza na 160 ukiigawa kwa miaka mitatu. Ngazi zetu ni 4 hadi kielezo cha 30, 3 hadi 80, 2 hadi 150, na 1 zaidi ya hapo, kwa hiyo B anapata 1 kwa hesabu yoyote. Ni vizuri kujua hivyo, kwani tumeepuka ubishi usio na tija kuhusu uchakavu wa mashine.

Vigezo visivyopimika kwa saa vinahitaji ushahidi wa aina nyingine, na kila seli ina alama ndogo pembeni: P kwa tuliyopima wenyewe, S kwa tuliyosoma kwenye hati au tovuti ya mshindani, M kwa tuliyosikia kwa mteja. Seli yenye M peke yake haiwezi kubeba uamuzi. Maoni ya watumiaji kwenye maduka ya programu tumeyasoma kwa tahadhari: ya nyota 1 na ya nyota 5 hutawaliwa na hasira na furaha, ya nyota 2 hadi 4 ndiyo yenye maelezo ya kazi halisi. Tumeacha yaliyozidi miezi 12, kwa sababu yanalalamikia matoleo ambayo hayapo tena.

Mpaka wa kimaadili uliwekwa mapema. Tumenunua au kujaribu bidhaa za wengine kwa jina letu halisi, na hakuna aliyejifanya mteja ili kuchota taarifa za ndani. Mbali na kuwa si haki, taarifa iliyopatikana hivyo haiwezi kuandikwa kwenye mpango utakaosomwa na mwekezaji.

Wiki ya 4: kujaza gridi

Watu wawili walijaza kila mmoja peke yake, kisha tukalinganisha. Walipotofautiana kwa ngazi moja walirudi kwenye ushahidi. Walipotofautiana kwa mbili, kosa lilikuwa kwenye namna maandishi ya ngazi yalivyosomwa, na seli ilipimwa upya. Safu yetu wenyewe ilijazwa na mtu asiye wa timu ya bidhaa. Aliyeijenga bidhaa huipa alama ya kile inachoweza kufanya, si cha kile mteja anachokipata.

| Kigezo | Uzito | Sisi | A | B | C | Lahajedwali (D) | Daftari (E) |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Kasi ya kurekodi | 0.30 | 2 | 3 | 4 | 2 | 1 | 4 |
| Kupata jibu la deni au stoo | 0.25 | 4 | 3 | 4 | 2 | 3 | 1 |
| Gharama ya miezi 12 | 0.20 | 2 | 3 | 1 | 4 | 4 | 4 |
| Usalama wa kumbukumbu | 0.15 | 4 | 3 | 3 | 3 | 2 | 1 |
| Mhudumu mpya kujifunza | 0.10 | 3 | 3 | 1 | 3 | 1 | 4 |
| Jumla | 1.00 | 2.90 | 3.00 | 2.95 | 2.65 | 2.25 | 2.80 |

Kwenye faili la gridi, ambako B na C ni majina ya safu wima na si ya washindani, uzito ukiwa safu ya B na alama zikianzia C, hesabu ya jumla na ukaguzi wa uzito ni hizi:

```
=SUMPRODUCT($B$2:$B$6,C2:C6)
=ROUND(SUM($B$2:$B$6),2)=1
```

Fomula ya pili isiachwe. Mtu akiingiza kigezo cha sita katikati ya vile vitano na kusahau kupunguza vingine, jumla zote hupanda pamoja na hakuna anayegundua. Alama za dola nazo ni za lazima, la sivyo ukiinakili fomula kulia uzito nao unahama.

Timu ya mauzo iliuona mstari wa jumla ikataka kuandika "sisi ni wa tatu sokoni". Hatukukubali, na sababu yake ndiyo kiini cha kazi yote hii.

Wiki ya 5: kuijaribu gridi

Kati ya A, B, sisi na daftari kuna tofauti ya 0.20 tu. Alama zetu ni namba kamili, hivyo seli moja ya kasi ikibadilika kwa ngazi moja jumla inasogea 0.30. Yaani kosa dogo la kupima ni kubwa kuliko tofauti yote tunayotaka kuitangaza. Tukihamisha uzito wa 0.10 kutoka kwenye kasi kwenda kwenye usalama, sisi tunapanda hadi 3.10 na kuwa wa kwanza, na daftari linashuka hadi 2.50. Mpangilio unaogeuka kwa kusogeza namba moja kiasi hicho si mpangilio.

Tulirudi kwenye karatasi za pointi 100 tukaona kilichokuwa kimefichwa na wastani. Wateja hawakuwa wametawanyika ovyo. Walikuwa makundi mawili yenye vipaumbele vinavyopingana. Wanaouza kwa taslimu tupu walimimina pointi kwenye kasi na gharama. Wanaokopesha wateja wao walizimimina kwenye kupata jibu la deni. Wastani wa hao wawili unamwelezea mteja ambaye hayupo.

Kwa hiyo alama zilibaki zilezile na uzito ukawa wa kila kundi. Kwa wanaouza taslimu (kasi 0.40, jibu 0.10, gharama 0.25, usalama 0.10, kujifunza 0.15), daftari linaongoza kwa 3.40, A ana 3.00, C 2.75, B 2.70, sisi 2.55 na lahajedwali 2.05. Kwa wanaokopesha (0.20, 0.40, 0.15, 0.15, 0.10), sisi tuna 3.20, B 3.10, A 3.00, C 2.55, lahajedwali 2.40, na daftari limeporomoka hadi 2.35. A anapata 3.00 kila mahali kwa sababu ana 3 kwenye kila kigezo. Hana kundi analoliongoza, na hana analofanya vibaya.

Sasa gridi inasema kitu. Kwa muuzaji wa taslimu, daftari linatushinda kwa 0.85, pengo ambalo haliwezi kuwa kosa la kupima seli moja au mbili. Tangazo lolote kwake litakuwa linapigana na njia iliyo ya haraka kuliko yetu na isiyo na ada. Kwa anayekopesha, daftari limeanguka hasa kwa sababu deni la mtu mmoja limetawanyika kwenye kurasa nyingi na lazima lijumlishwe kwa mkono. Huko mshindani wetu wa kweli ni B na A, na uongozi wetu wa 0.10 dhidi ya B ni mwembamba mno kuuita uongozi.

Wiki ya 6: kinachoingia kwenye mpango

Sehemu ya mpango itakuwa na gridi ya wanaokopesha, na ya wanaouza taslimu itawekwa pembeni yake kueleza kwa nini hatuwalengi mwaka huu. Jumla ya kwanza yenye uzito wa wastani haitaingia. Chini ya gridi kuna aya moja kwa kila mshindani anayebaki: mteja humwendea kwa nini, humwacha kwa nini, na sisi tunajibuje.

Dhidi ya B hoja ni gharama na urahisi wa kujifunza, ambako ana 1 na 1. Hatutataja kasi, maana ana 4 na mteja ataithibitisha mwenyewe dukani. Dhidi ya A hoja ni jibu la deni na usalama wa kumbukumbu. Tukiingia kwenye bei naye tutapoteza, na akishusha kidogo pengo litazidi.

Kipimo cha kufikia kimeandikwa kwa kitu kinachopimika: kurekodi mauzo kushuke kutoka sekunde 24 hadi zisizozidi 17, kiwango cha A, kwa jaribio lilelile na simu ileile. Alama yetu ya kasi ikipanda kutoka 2 hadi 3, jumla kwa wanaokopesha inakuwa 3.40, na tofauti na B inafika 0.30. Hapo neno "tunaongoza" litakuwa na kitu cha kusimamia, ingawa bado liandikwe pamoja na tarehe ya upimaji. Timu ya bidhaa imeshauriwa ianze na skrini ya uthibitisho, kwa sababu kuiondoa hakugusi orodha ya bidhaa.

Yaliyobaki wazi: seli ya usalama ya C ina ushahidi wa M peke yake na inahitaji jaribio la kuirejesha kumbukumbu kwenye simu nyingine. B ametangaza toleo la simu lisilo na mashine. Likitoka, alama yake ya gharama haitakuwa 1 tena na safu yake yote itapimwa upya siku hiyo hiyo, bila kusubiri mapitio ya robo mwaka. Washindani wengine watapimwa kila baada ya miezi mitatu, bei zikikaguliwa kila mwezi. Maandishi ya ngazi na orodha ya bidhaa 50 vimehifadhiwa kwenye faili moja na gridi, ili atakayepima safari ijayo apime kitu kilekile.